Mwanafatuma Hafunui Kapu Lote

Kabla hajaanza kuandika matangazo kwenye simu, Mwanafatuma binti Athmani aliuza korosho ufuoni Diani kwa miaka mingi, na katika miaka yote hiyo hakuna mteja aliyewahi kuona mwisho wa kapu lake. Alikuwa akifunua upande mmoja tu wa kitambaa. Mtu ananunua pakiti, anageuka kwenda zake, na hapo ndipo Mwanafatuma anapofunua upande wa pili: "Na hizi za pilipili je, huzitaki?" Mtu anarudi. Wenzake waliomwaga kila kitu juu ya leso mchangani walikuwa wakimcheka kwa ubahili wa macho. Jioni wao hurudi na mizigo, yeye hurudi na kapu tupu.

Ndiyo maana Hafswa alipomfuata na kumwomba wafanye kazi pamoja, hakuhangaika kutafuta mwandishi wa Nairobi. Hafswa alikuwa na biashara Ukunda, chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, aliyoipa jina Kapu la Kusini. Mteja hujiandikisha, na kila mwezi hupelekewa boksi la vitafunio vya pwani: visheti, achari ya maembe, krispi za muhogo, mabuyu, kashata. Mwezi ukianza, malipo hukatwa yenyewe, isipokuwa mteja awe amejitoa mapema. Wengi wao walikuwa watu wa pwani waliohamia bara, na watu wa bara waliowahi kufanya kazi hotelini Diani wakarudi kwao na hamu. Mwanafatuma alipanga boksi, na kwa kuwa ulimi wake haukosi neno, akapewa pia kuandika zile posti za kila mwezi za kuonyesha kilichomo.

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda. Wa pili, wateja wakaanza kujitoa. Si kwa ugomvi, la. Walibonyeza tu na kupotea. Mwezi mmoja, wa pili, wa tatu, na kila mwezi walioondoka walikuwa wengi kuliko walioingia.

"Dada Mwana, nakwambia mapema usije ukasema nilikuficha," Hafswa alisema siku moja, wakiwa wamekaa juu ya maboksi yasiyokunjuliwa. "Kampuni ya maboksi yataka oda mpya. Siwezi kuagiza kwa wateja wanaoyeyuka. Mwezi ujao wakitoka kama walivyotoka mwezi huu, nafunga."

"Na kina Bi. Dama wanaotupikia?"

"Watauza sokoni kama zamani."

Mwanafatuma alijua sokoni kukoje. Alijua pia kwamba yeye mwenyewe angerudi ufuoni, na magoti yake hayakuwa tena ya kukimbizana na watalii mchangani. Akauliza jambo moja tu: "Hao waliotoka, kuna aliyewauliza kwa nini?"

"Mtandao una fomu. Wote wanajaza 'sababu nyingine'."

"Basi hakuna aliyewauliza."

Akachukua namba, akaanza kupiga simu. Wa kwanza akadhani anadaiwa, akakata. Wa pili akaomba msamaha kana kwamba amevunja uchumba. Wa tatu alikuwa Chome, Mtaita aliyewahi kuwa mpishi wa hoteli Diani na sasa yuko Nairobi, na huyu alikuwa mtu wa kusema.

"Dada, si ati vitu vyenu ni vibaya," Chome alisema. "Lakini hebu fikiria. Ile meseji ya kunikumbusha malipo ikiingia, mimi naangalia kabati naona nini? Boksi la mwezi uliopita. Tupu, na visheti vitatu vimevunjika. Najiuliza, nalipia nini? Najitoa."

"Kwani hukuona posti? Picha nzuri kama zile!"

"Niliona. Zinatoka baada ya kukatwa pesa, na siku mbili baadaye boksi lenyewe liko mlangoni. Unanionyesha kitu ambacho tayari ni changu. Faida yake?"

Mwanafatuma alikaa na simu mkononi hata baada ya Chome kukata. Aliona haya, si haya ya kusutwa bali ya fundi aliyekuta msumari wake umepigwa kichwa chini. Walikuwa wakingoja boksi lote lijae na lipangwe vizuri, ndipo wapige picha. Picha zilipendeza. Lakini saa ya mteja kuamua, kapu lilikuwa limefunikwa lote, na alipokwisha kulipa ndipo lilipofunuliwa lote. Yaani alifanya kinyume cha kila alichokijua. Ufuoni asingeuza hata njugu moja kwa mtindo ule.

"Posti itangulie meseji," alimwambia Hafswa. "Siku moja kabla. Mtu akikumbushwa malipo awe yuafikiria kinachokuja, asifikirie kilichokwisha."

Hafswa alifikiri upesi, kama kawaida yake. "Ni sawa. Lakini ukitangaza kitu kisha kikakosekana, hao hawarudi tena. Na nina sheria: hatutangazi ambacho hakijafika mkononi."

"Basi naenda kukishika."

Kitu kikubwa cha mwezi ule kilikuwa kashata za korosho za Bi. Dama wa Msambweni. Mwanafatuma akamkuta uani, amekaa mbele ya jiko, moshi wa maganda ya korosho umemzunguka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na mkono mtupu na simu. Nishajua wataka nini, na jibu ni hapana."

"Sijasema kitu!"

"Simu imesema. Mwaka jana alikuja msichana wenu akanipiga picha shira ya sukari ikiwa jikoni. Akaipeleka huko kwenye macho ya watu wote. Ikawaje? Shira ikafa. Ikawa mchanga mtupu. Chakula kisichoiva hakionyeshwi watu, mama yangu alinambia, na mama yake alimwambia."

Mwanafatuma aliijua imani ile, nyumbani kwao pia ilikuwepo. Hakuja kubishana na jicho la hasidi. Mtu anayekwenda kununua habishani na dini ya muuzaji. Akaomba kwanza aonyeshwe korosho. Bi. Dama akafungua gunia stoo: nyeupe, nzima, zimechaguliwa. Sukari ipo. Iliki ipo. Sheria ya Hafswa imetimia, mali iko mkononi. Ilibaki picha.

Pembeni, juu ya meza, palikuwa na sinia la kashata za majaribio zisizoshika bado, limefunikwa kwa kawa la ukindu, jekundu na zambarau, lenye ncha juu kama paa la kibanda.

"Hilo nalo je?" Mwanafatuma aliuliza. "Kawa nikilipiga picha?"

"Kawa si chakula."

"Na mikono yako juu ya kawa?"

Bi. Dama akamtazama kwa jicho moja, la pili likikwepa moshi. "Hulifunui?"

"Silifunui. Wallahi."

"Na watu wakiuliza kilichomo?"

"Wacha waulize. Ndiyo biashara yenyewe."

Mwanamke yule akacheka hadi akakohoa. "Wewe ni mwizi, Mwanafatuma. Haya. Lakini uandike jina langu. Na usiandike 'tamu' kabla watu hawajaonja. Andika 'mashallah'. Na kashata za mwezi ujao, bei tuzungumze upya."

"Bei tutazungumza wateja wakibaki."

"Tutazungumza sasa."

Wakazungumza sasa. Ilichukua muda, na chai.

Siku moja kabla ya meseji ya malipo, posti ikatoka. Picha ya kwanza achari ya maembe, imefunuliwa wazi, mafuta yanameta. Ya pili krispi za muhogo. Ya tatu ilikuwa kawa tu, na mikono ya Bi. Dama yenye makunyanzi imelishika kama mtu anayelinda kitu. Chini yake Mwanafatuma aliandika:

"Viwili mmeviona. Cha tatu kiko chini ya kawa la Bi. Dama wa Msambweni, mashallah, naye amekataa kulifunua. Mimi nilikuwepo na sikufunuliwa mpaka nilipokunywa vikombe vitatu vya chai. Kuna korosho ndani yake, kwa hivyo asiyekula korosho atuambie leo tumwekee kingine. Wengine wote, kisieni. Kawa litafunuliwa mezani kwako."

Hafswa alipoisoma hiyo ya korosho aliuma mdomo. "Umewapa nusu ya siri."

"Kuna watu korosho huwavimbisha koo. Siri ya kumpeleka mtu hospitali siiuzi."

Mchana majibu yakaanza kuingia. Mmoja akasema halua. Mwingine akasema vileja. Mwanamke mmoja wa Eldoret akaandika kwamba hakuwa ameona kawa tangu nyanyake afariki, hata hajali kilichomo. Tsuma, mteja wa Mombasa anayejua kila kitu, akasema kwa uhakika kwamba ni bajia, akaulizwa na watu kumi bajia gani inayosafiri hadi Kisumu kwa basi. Mabishano yakaendelea hadi kesho yake. Meseji ya malipo ikaingia katikati ya mabishano yale, na Hafswa akakaa mbele ya kompyuta kama mtu anayengoja jibu la maabara.

"Wametoka?" Mwanafatuma aliuliza jioni.

"Wawili."

"Na mwezi uliopita, saa kama hii?"

Hafswa aligeuza kompyuta ili mwenzake aone mwenyewe ile orodha ndefu. Kisha akashusha kidole kwenye orodha ya walioingia upya, na hapo juu kabisa palikuwa na jina la Chome. Kando yake alikuwa ameandika ujumbe: "Mumenishika. Lakini kama ni visheti tena, nakuja Ukunda mwenyewe."

Malipo yakakatwa, wateja wakabaki. Hafswa akaagiza maboksi, tena makubwa kidogo. Bi. Dama akachemsha shira yake bila simu yoyote karibu, na ikashika, kila kipande kikikatika kwa sauti kavu kama kijiti. Maboksi yakaondoka, na Mwanafatuma akawaomba wa Mombasa, wanaopata mapema, wasifunue kawa mtandaoni mpaka wa Kisumu wapokee. Hata Tsuma alinyamaza, ingawa ilimgharimu.

Chome alituma picha ya mkono wake na kipande cha kashata kilichoumwa nusu. Hakuandika neno. Kwa Mtaita yule msemaji, Mwanafatuma aliona hiyo ni sifa kubwa kuliko zote.

Lakini ujumbe uliomfanya akae sawa kitini ulitoka kwa yule mwanamke wa Eldoret, na baada yake wengine wengi, wote wakiuliza jambo moja: kawa lile lauzwa wapi?

Kesho yake asubuhi Mwanafatuma alikuwa kijijini Jego, kwa mama mmoja msusi wa makawa aitwaye Ummi. Alisalimu, akakaa, akauliza habari za watoto na za mvua. Kisha akaokota kawa moja, akaligeuza, akalirudisha chini kana kwamba amelikinai.

"Hili moja," alisema, "wauza vipi?"