Lundo la Ukumbi wa Kanisa

Popote palipobomolewa jengo la zamani upande wa Makokoba, pale Bulawayo, MaNdiweni hakukosekana. Ungemkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, tofali mapajani, nyundo mkononi, anabandua chokaa. Kazi hiyo aliianza baada ya kufiwa na mume. Ndabazinhle alikuwa amechimba asbesto ujana wake wote, akarudi nyumbani na kifua kilichozidi kubana mwaka hadi mwaka, mpaka ikawa kutoka kitandani kwenda mlangoni ni safari ya kupumzika njiani. MaNdiweni alimuuguza, akamzika, kisha akachukua nyundo na patasi za marehemu akaenda kutafuta riziki kwenye kuta za watu.

Kazi aliizoea, na baada ya miaka akawa hana subira na asiyeijua. Ukuta uliojengwa kwa chokaa, alisema, ni ukuta wenye adabu: unagonga mara mbili, tofali linatoka zima na safi. Uliojengwa kwa saruji hauachii. Ukiulazimisha, tofali linapasuka. Hilo usipoteze muda nalo, liponde liwe kifusi cha kushindilia chini ya jamvi la sakafu.

Kanisa la mtaani kwao lilipoamua kubomoa ukumbi wake wa zamani na kujenga shule ya chekechea palepale, mchungaji wake, Mfundisi Dlodlo, alimwendea yeye. Kanisa halikuwa na uwezo wa kununua kila kitu upya. Ilibidi ukumbi wenyewe uzae shule. MaNdiweni angesimamia akina mama wa kuchambua vifusi, na matofali yatakayozidi mahitaji ya shule wangegawana wao kwa wao.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa MaGumede, jirani yake na mwenzake wa siku nyingi. Jiko la MaGumede lilikuwa limeangushwa na mvua za mwaka uliopita, na tangu hapo alikuwa akipika nje, karatasi ya nailoni juu ya kichwa.

"Mimi sitaki nyumba ya ghorofa," alisema siku ya kwanza, akichagua nyundo. "Nataka kuta za kunizuia upepo tu. Ugali wangu wa isitshwala umechoka kula mchanga."

Wakaanza kuanzia juu kushuka chini. Kenchi za paa zilikuwa za umkusu, mti mgumu wa kwao ambao mchwa anaula kwa kulazimisha meno. Walizishusha kwa kamba, wakang'oa misumari, wakazipanga nyuma ya uzio na vipande vya mbao katikati ili hewa ipite. Madirisha ya chuma yakaenda huko pia, ila matofali, kadiri yalivyosafishwa, yalipangwa pale pale kiwanjani. Nondo za baraza zilizokwisha kupinda ziliwekwa kwenye rundo la chuma chakavu, kwa sababu nondo iliyokunjwa na kunyooshwa hairudishwi kwenye nguzo ya kubeba uzito. Mabao ya jasi ya dari yalikaa peke yake pembeni. Hayo MaNdiweni aliyachunga kwa ukali. Jasi ikiingia kwenye kifusi cha chini ya sakafu hunywa unyevu, huvimba, na sakafu huinuka na kupasuka. Vipande vya mbao navyo hakuviruhusu mle. Vikioza huacha shimo chini ya zege.

Msimamizi wa ujenzi, Khuphe, alikuwa mtu mwema ila mwenye haraka. Mvua zilikuwa zinakaribia naye alitaka msingi uwe umeinuka kabla.

"MaNdiweni, unapanga takataka kama vyombo vya kabatini," alimwambia.

"Na wewe, baba, ukila unachanganya nyama na mifupa na majivu?"

"Nikiwa na njaa nachanganya."

Walicheka. Siku zile walikuwa bado wanacheka.

Kilichomnyima MaNdiweni raha ni vyoo vya nyuma. Vilikuwa vimeezekwa kwa mabati ya asbesto, ya kijivu, yenye kuvu juu. Hakumruhusu mtu yeyote kuyagusa mpaka kanisa lilipoleta mafundi wawili wenye barakoa zinazofaa. Wakayalowesha maji, wakayashusha mazima bila kuyavunja, wakayafunga kwa nailoni nzito na kuyalaza kwenye kona ya kiwanja. Kilichobaki ni lori la mji kuja kuyachukua na kwenda kuyazika dampo, mahali pake maalumu. Lori halikuja. Kila alipopiga simu aliambiwa kesho. Alikwenda ofisini mwenyewe, akakaa kwenye benchi asubuhi nzima, akaambiwa lori bovu. Akarudi tena, akaambiwa lori zima ila dereva yuko likizo.

Ndipo ukaja msiba Tsholotsho. Shangazi aliyemlea amefariki, lazima aende. Kabla ya kupanda basi alimshika Khuphe mkono, akampeleka hadi kwenye ile kona.

"Hapa mtu asipaguse. Hata kwa koleo."

"Nimesikia, mama. Nenda ukazike."

Aliporudi kutoka mazishini hakupitia nyumbani. Aliingia kiwanjani na begi lake mkononi, akasimama. Kiwanja kilikuwa cheupe, kimesawazishwa, kamba za msingi zimeshatandikwa. Mwishoni kulikuwa na lundo moja kubwa. Ndani yake kulikuwa na matofali yaliyosafishwa na yasiyosafishwa, vifusi vya saruji, jasi iliyosagika, nondo, na matambara ya nailoni yakipepea. Kati ya hayo yote aliona vipande vya kijivu, vingine vikubwa kama sahani, vingine vidogo kama ukucha. Alama za minyororo ya katapila zilipita juu yake.

Khuphe alimwona akaja haraka, kofia mkononi.

"Katapila lilipatikana siku moja tu," alisema. "Lilikuwa njiani kwenda Gwanda. Nikamwambia dereva asogeze vitu pembeni tuweke kamba. Nilikwenda kufuata saruji, MaNdiweni. Nilikaa kidogo tu."

"Ulimwambia kuhusu kona?"

Khuphe alitazama kofia yake. "Nilimwambia asogeze vitu pembeni."

Hasira ilimjaa MaNdiweni hadi akaona heri akae chini, akakaa juu ya begi lake. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuna aliyekuwa amekusudia ubaya. Angempata mwovu angemtukana. Hapa alikuwa na lori lisilokuja, na dereva asiyeambiwa, na mtu mwema mwenye haraka.

Bwana afya wa mji alikuja, safari hii upesi. Alizunguka lundo akiwa amevaa barakoa.

"Vingekuwa vipande vichache juujuu," alisema, "wangekuja watu wenye vifaa wakaviokota kimoja kimoja. Lakini hivi vimesagwa na katapila, vumbi lake limeingia kila mahali. Hili haliwezi kupondwa wala kuchambuliwa. Liloweshwe, lifunikwe, liende likazikwe lote."

"Na matofali?" akauliza Mfundisi Dlodlo.

"Lote, Mfundisi."

Akina mama walikuwa wamesimama nyuma, nyundo mikononi. Walikuwa wamegonga matofali yale mpaka viganja vikaota sugu. Mmoja akaguna, wengine wakaanza kusema kwa pamoja. Asbesto iko juu ya nusu ya nyumba za mji huu, tumekulia chini yake, nani kafa? Tofali ni tofali, unalisuuza kwa maji. MaNdiweni aliwageukia.

"Ikiwa juu ya paa imetulia, imetulia. Ikisagwa inakuwa vumbi, na vumbi hilo likiingia kifuani halitoki. Mnamkumbuka Ndabazinhle. Mlikuja kwangu mkamwona. Hakuna atakayegusa."

"Wewe ulikuwa kwenye msiba," alisema MaGumede taratibu. "Sisi ndio tuliobaki na lundo. Sasa umerudi, unatunyang'anya."

Lundo lilifunikwa turubai likisubiri lori. Siku mbili baadaye, asubuhi, MaNdiweni aliona turubai limefunuliwa upande mmoja. Alifuata alama ya gurudumu la toroli njia nzima hadi nyuma ya nyumba ya MaGumede. Ukuta wa jiko ulikuwa umeshafika magotini. MaGumede alikuwa anasugua tofali kavu kwa brashi ya waya, na vumbi lilikuwa linacheza kwenye jua.

"Acha kusugua," alisema MaNdiweni. "Tafadhali, acha kwanza."

MaGumede hakuinua uso. "Nilichagua yaliyo mazima."

"Vumbi liko kwenye vitundu vya tofali. Unalipulizia usoni mwako. Lilowanishe."

"Wewe una jiko, MaNdiweni."

"Ninalo."

"Basi nenda ukapike."

Hakwenda. Alichota ndoo ya maji bombani akaimwaga juu ya matofali, kisha nyingine, na nyingine, mpaka ua ukawa tope. MaGumede alisimama akimtazama, brashi imening'inia mkononi. Alilia bila sauti, kwa hasira, machozi yakichora mistari kwenye vumbi la mashavu. Kisha MaNdiweni akaenda kumleta bwana afya, akijua kabisa jina watakalompa mtaani. Watu wa bwana afya walikuja na barakoa zao na nailoni, wakabomoa ule ukuta wa magotini, wakakwangua na udongo wa juu. Majirani walisimama uzioni kutazama. Hakuna aliyemsalimu MaNdiweni alipopita.

Lori la mji lilikuja siku ile ile, kwa sababu sasa lundo lilikuwa tatizo la kila mtu. Lilibeba ukumbi wa kanisa likaenda kuuzika dampo.

Shule ilijengwa, ila chumba kimoja kilifutwa. Kifusi cha kushindilia kilinunuliwa kutoka kwenye machimbo ya kokoto, mawe mapya kabisa ya mlimani, na MaNdiweni alipoyaona yakimwagwa alitukana kimoyomoyo. Yaliyookoka ni yale ya nyuma ya uzio tu. Kenchi za umkusu zilipanda juu kwa mara ya pili, na madirisha ya chuma yakapakwa rangi ya kijani. Khuphe aliyasifu mbele ya watu wote, akitafuta macho ya MaNdiweni. MaNdiweni akawa anatazama pengine.

"Kazi nyingine ikitokea nitakuita kabla ya katapila," Khuphe alimwambia baadaye, kwa sauti ya chini.

"Katapila lenyewe ndilo usiliite," akajibu. "Mpaka mimi niseme."

"Sawa, mama."

"Na dereva niongee naye mimi. Si wewe."

Kwenye mgao, MaNdiweni alipata boriti za umkusu zilizobaki. Aliazima toroli akazisukuma hadi kwa MaGumede, akaziegemeza kwenye ukuta wa nyumba. Kwa boriti zile na mabati machache mtu angeweza kusimamisha jiko la nguzo, hata bila tofali.

MaGumede aliacha sufuria yake uani akaja na mwiko mkononi. Alizipigapiga boriti kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Hazijaliwa," alisema.

"Hazijaliwa. Misumari nimeitoa yote."

MaGumede alitikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye sufuria yake chini ya karatasi ya nailoni. Hakumkaribisha. MaNdiweni alisubiri kidogo pale uani, kisha akageuza toroli akaondoka nayo.