Kutoka Kwenye Nguzo

Kila mwaka, nikifika kwenye somo la msawazo wa kani, huwa kuna mchoro mmoja sitaki kuuchora. Bango limening'inia kwenye nyaya mbili, mmoja umesimama zaidi, mwingine umelala. Mwaka juzi nilimpa mwanafunzi wa mbele chaki, nikamwambia achore yeye, kisha nikaenda dirishani nikijifanya natazama uwanja. Mgongo wangu ulikuwa na baridi na ilikuwa saa sita mchana, jua la Bariadi lile lisilo na huruma.

Kaka yangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana yake ilikuwa nyuma ya soko, na sakafu yake ya saruji ilikuwa ndiyo daftari lake: kila kazi aliichora pale kwa chaki, kubwa, kisha akaipima. Mimi aliniita Ticha hata mbele ya wateja wake, kwa majivuno, kama vile cheti changu kilikuwa chake. Alikuwa na ubishi mwingi na masikio machache, lakini hesabu zangu aliziamini kuliko alivyomwamini mchungaji.

Msimu mmoja wa pamba alipata kazi ya kutundika bango la chuma kwenye geti la ghala. Nguzo mbili za urefu mmoja, na katikati bango la kilo mia moja likining'inia kwenye pete moja iliyofungwa nyaya mbili. Mwenye ghala hakutaka bango liwe katikati kabisa. Alitaka lisogee kulia, juu ya kimlango cha waendao kwa miguu, ili malori ya pamba yapite kushoto bila kugonga. Basi waya wa kushoto ukawa mrefu na wa kulia mfupi.

Akanipigia simu nikiwa chumba cha walimu, wakati wa chai.

"Ticha, nina waya mmoja mpya na mmoja wa zamani. Wa zamani nimeutundikia mfuko wa saruji, umeshika. Nataka kujua wapi panavuta sana."

"Nipe pembe."

"Kushoto sitini, kulia thelathini."

Nilichora nyuma ya bahasha. Mvuto wa pembeni wa waya mmoja lazima ulingane na wa mwingine, la sivyo pete itasogea hadi ilingane. Mivuto ya kwenda juu, ikijumlishwa, lazima ibebe kilo mia zote. Haikuchukua dakika mbili. Chai haikuwa imepoa.

"Kushoto kilo themanini na saba. Kulia hamsini."

"Hamsini ndiyo saruji yangu!" Alicheka. "Basi mpya kushoto, wa zamani kulia. Asante, Ticha, umenipunguzia safari ya dukani."

Ningepaswa kumwambia kwamba waya haufungwi kwenye mzigo unaolingana na nguvu zake, bali uwe na nguvu mara tatu au nne zaidi, na wa zamani autupe. Sikumwambia. Nilifurahi mno kwamba hesabu yangu imetoka kwa namba nzuri.

Bango lilikaa wiki tano. Asubuhi moja yenye upepo, mlinzi wa geti alimwita kaka, akasema bango linalia. Alisema baadaye kwamba sauti ilikuwa ndogo, tik, kisha kimya kirefu, kisha tik. Kaka alifika, akapita chini ya bango moja kwa moja hadi upande wa kushoto, akasimama akiukagua waya mpya. Wa kulia hakuutazama hata mara moja. Kwa nini autazame? Ticha, dada yake, alikuwa amemwambia mzigo uko kushoto.

Wa kulia ukakatika. Bango halikuanguka wima. Lilibaki limeshikwa na waya wa kushoto, likabembea kumfuata kule aliposimama.

Siku ya tatu ya msiba nilikwenda getini peke yangu. Damu walikuwa wamefukia kwa mchanga. Niliinua macho kwenye zile kulabu mbili, nikaangalia alama ya mahali pa pete iliyokuwa imechorwa kwenye ukuta wa ghala, nyuma ya geti, na nikajua kabla sijapima. Waya mrefu wa kushoto ndio ulikuwa umelala. Wa kulia ndio ulisimama. Nilitoka pale mbio hadi karakana. Mchoro wake ulikuwa bado sakafuni, na pembe zimeandikwa juu kabisa, kati ya waya na nguzo. Fundi hupima kutoka kwenye nguzo, maana nguzo ndiyo anayoiona. Mimi miaka yote nimepima kutoka kwenye mstari wa mlalo, kama vitabu vinavyochora. Sitini yake ilikuwa thelathini yangu, na thelathini yake sitini yangu. Zile themanini na saba zilikuwa kwenye waya wa zamani. Hamsini, saruji yake, zilikuwa kwenye mpya.

Sikumuuliza: kutoka wapi? Maneno mawili tu.

Nikachukua ndoo ya maji na ufagio, nikafuta ile sakafu. Hili ndilo ninalolionea aibu kuliko yote.

Mjini walisema fundi yule alikuwa bahili, alifunga chuma kwa waya wa kuokota, na ubahili umemuua. Mama yetu, kule Nkololo, aliyasikia akayameza. Miaka mitatu kila nilipokwenda kumsalimia alirudia lile lile: "Mwanangu alikosa nini hata asinunue waya?" Nami niliendelea kunywa uji wake. Usiku sikuota. Bango lilinijia mchana, darasani, feni ya dari ikilia tik, na chaki ikinidondoka.

Mwaka huu, baada ya mavuno, nilishindwa kuficha zaidi. Nilifika asubuhi, nikamwamkia mama kwa Kisukuma chetu.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, ng'wanone. Mbona umekonda?"

Nilichukua ndoo yake, nikaijaza maji nusu, nikafunga kamba mbili kwenye mpini. Nilimsogeza karibu na ndoo, kamba yake ikawa karibu kusimama. Mimi nikarudi nyuma, yangu ikalala. Tukainua pamoja hadi ndoo ikatoka chini.

"Nani amebeba zaidi, mayu?"

"Mimi. Wewe unavuta tu pembeni."

Tukabadilishana nafasi, akacheka kwamba sasa imekuwa nyepesi. Tukarudi tulipokuwa mwanzo, kamba iliyosimama mkononi mwake. Ndoo ikiwa hewani, nikamweleza yote: simu, pembe, nguzo, ule waya wa zamani uliopewa upande mzito. Nikamwambia kaka alipima vizuri. Aliyehesabu vibaya ni mimi.

Hakulia. Alitazama kamba yake, akatazama yangu.

"Kwa hiyo hakuwa bahili."

"Alifunga kama nilivyomwambia."

"Na wewe ulijua lini?"

"Siku ya tatu, mayu. Kabla hatujaondoa matanga."

Maji yalitikisika ndani ya ndoo, kisha yakatulia. Nikasema tuishushe sasa. Hakushusha. Alinitazama tu, amekaza kamba, na mimi sikuthubutu kuachia yangu, maana nikiachia ndoo yote inamwendea yeye.