H ya Miguu Mitatu

Kanga ile niliinunua mimi, sokoni Darajani, kwa pesa yangu mwenyewe, na niliisoma mara tatu kabla ya kulipa ili nihakikishe inauma vya kutosha. CHAKO HUNA CHANGU CHAKUUMA. Nilinunua doti mbili. Moja nikampelekea Mwanakheir, mke mwenzangu, kuwa ni zawadi ya Sikukuu. Ya pili nikajifunga mwenyewe, nipate kupita nayo mbele ya mlango wake. Mume wetu, Machano, alikuwa amemwoa mwaka wa pili huo, na mimi bado nilikuwa nachemka.

Mwanakheir aliisoma, akatabasamu. "Ahsante, Bi Tahiya, Mungu akuzidishie." Akaitia sandukuni, hakuivaa hata siku moja. Bora angenitukana.

Mwaka huo ulikuwa 2005, na simu zilikuwa zimetufikia kabla ya umeme. Nguzo zilipita pwani kwenda kwenye mahoteli ya Kiwengwa. Sisi wa huku nyuma kwenye mawe tukabaki na kandili zetu. Mtu akinunua simu, anapanda gari mpaka mjini kwenda kuichaji, nauli shilingi elfu na mia mbili kwenda na kurudi. Wengine walitembea na simu zilizozimika, wakizitoa mfukoni kila baada ya dakika mbili ili waonekane wanazo.

Basi siku moja Mwanakheir, mkulima wa mwani asiye na neno na mtu, alizivua bangili zake za harusi, akaenda nazo kwa sonara Mji Mkongwe, akarudi na paneli ya sola ya wati hamsini, betri kubwa, kontrola ya kulinda betri, na soketi za kuchajia simu kama zile za kwenye gari. Laki nne na nusu! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikawaambia watu kanunua kioo cha kujitazamia ndege.

Kumbe mwenzangu alikuwa ameuliza akaelezwa. Paneli aliiweka juu ya fremu ya boriti, mahali pasipo kivuli cha mnazi, imeinama kidogo kuelekea kaskazini ili mvua ioshe vumbi. Nati alizikaza, kisha akazipiga tupa vichwa mpaka spana ya mwizi haishiki. Jina lake akalichora kwa msumari nyuma ya fremu. Betri ikafungiwa kwa kufuli mbili ndani ya kibanda cha kuchajia simu alichokijenga kando.

Bei ya kuchaji simu moja aliweka shilingi mia tatu. Siku ya kwanza zilikuja simu kumi, ya pili ishirini, ya tatu arubaini, na tamaa ikamshika, akazipokea zote. Kufika alasiri taa nyekundu ya kontrola ikawaka, umeme ukakatika, na simu nusu zikarudi kwa wenyewe zimekufa vile vile. Oo, raha niliyoipata siku hiyo! Lakini kesho yake alikuwa ameshajua hesabu: jua la siku moja linatosha simu ishirini na taa yake moja ya usiku, basi. Akaandika mlangoni: ISHIRINI TU. Watu wakaanza kuwahi foleni alfajiri, na hakuna aliyelalamikia mia tatu.

Shida ilikuwa kuzitambua. Simu karibu zote zilikuwa za aina moja, nyeusi, ndogo. Ikipotea moja tu, Mwanakheir angeilipa, na nani tena angemwachia simu yake? Bangili zingekuwa zimekwenda bure.

Ndipo alipofungua sanduku akatoa kanga yangu.

Nilipita nikaona kwa macho yangu. Alikata herufi moja moja, kisha kila herufi akaichana katikati. Nusu moja anaifunga kwenye simu, nusu ya pili anampa mwenye simu. Ukija kuchukua, vipande vinalazwa pamoja, na mpasuo ukilingana herufi ikakamilika, unapewa mali yako. Tusi langu lilikuwa linatembea kijiji kizima mifukoni mwa watu! Huyu ana nusu ya K, yule ana robo tatu ya U. Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka, na hilo likanikasirisha zaidi.

Siku moja ya bamvua, maji yamekupwa sana, Mwanakheir alirudi mbio kutoka kwenye mwani ili afungue kibanda. Siku za bamvua zilimtesa: akienda pwani, kibanda kinafungwa, akikaa kibandani, mwani unaoza. Foleni ilikuwa ndefu, nami nilikuwepo, nikijifanya natafuta kuku. Mbele alisimama kijana wa kofia nyekundu, mgeni, aliyekuwa akizurura kwetu tangu juzi.

"Kanituma Bwana Ame," alisema. "Anataka simu yake."

Ame ndiye mnunuzi wa mwani wa kijiji kizima. Simu yake ilikuwa na nambari za matajiri wote wa mjini, na ilikuwa ya kioo cha rangi, ya ghali. Kijana akatoa kipande cha kanga. Ilikuwa H, na kweli simu ya Ame ilifungwa H.

Mwanakheir akavilaza vipande viwili juu ya meza. Akatazama. Akainamisha kichwa upande mmoja, kisha wa pili.

"Baba," alisema taratibu, "H yako ina miguu mitatu."

Foleni nzima ikaja kuchungulia. Yule kijana alimsikia Ame akiitaja H yake, lakini hakujua kuwa huchanwa nusu, akaleta H nzima. Tuliangua kicheko, mzee Jecha akashikilia mlango asianguke. Mimi pia nilicheka, mpaka nikaona watu mmoja mmoja wanageuka kunitazama.

Kanga yenye jina lile kijijini tulikuwa nayo wawili tu. Ya Mwanakheir ilikuwa mezani, vipande vipande. Ya pili niliianika kambani asubuhi ile.

"Kanipa huyu mama!" kijana akapayuka, akaninyooshea kidole.

Nani angeniamini? Tangu Sikukuu nilikuwa nikipita na chuki yangu nimeifunga kiunoni, watu wakiisoma.

Mwanakheir aliniangalia, kisha akacheka kwa sauti.

"Bi Tahiya? Muongo we! Huyu akitaka kuniudhi hutoa pesa yake, akenda Darajani, akanunua. Hana haja ya kuiba."

Kijana alitoka mbio, kofia kule, ndara kule. Mtu mmoja akakimbilia nyumbani kwangu, akarudi na kanga yangu imekatwa pembeni, H imenyofolewa. Sasa ilisomeka CAKO HUNA, na watu wakaanza kucheka upya mpaka machozi. Nami nilicheka na kulia pamoja, kwa aibu na kwa furaha, sikujua ipi imezidi.

Nilimwekea kanga hiyo mezani. "Ichane tu," nilimwambia. "Yako nshaona inakwisha."

"Kweli, imekwisha," alisema. "Nlianza kwa HUNA, nikaja CHANGU, nikamalizia CHAKUUMA. Hii moja sikuichana."

Alikitoa kipande kimoja kizima chini ya betri, neno moja, halijaguswa, na ndani yake kimefungwa kitu kigumu. Nilikifungua. Zilikuwa funguo mbili za kibanda, za akiba.

"Siku za bamvua nataka mtu wa kukaa hapa," alisema. "Mtu anayejua kusoma kanga."

Nikakigeuza kile kitambaa mkononi, nikalisoma lile neno kana kwamba sikulinunua mimi: CHAKO.