Wimbo wa Kumtoa Bibi Harusi, kwa Maneno Mengine

Sanduku la mjukuu wangu, lenye zawadi za bibi harusi kutoka upande wa bwana harusi, lilipokewa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa Shaabani, baada ya Alasiri, nyumbani kwangu Mchafukoge. Natunza tarehe tangu nilipofiwa na mume wangu na kujiandikisha katika darasa la jioni la watu wazima. Huko nilifundishwa kwamba jambo nililolijua kwa sikio tangu utotoni lina majina: mizani na vina.

Kwetu, bibi harusi hatoki kupokea sanduku mpaka aimbiwe. Wimbo wenyewe ni wa taratibu, na hakuna mwanamke mtaani asiyeujua:

*Mwanangu toka chumbani, uje uone wageni;*
*Umekuwa ua letu, twakutoa kwa imani.*

Kisha wote huitikia, *Mtunzeni, mtunzeni.*

Siku hiyo wageni walichelewa. Gari lao lilikuwa limezima njiani, karibu na mtaa wa Gerezani, wakalazimika kulipandisha sanduku kwenye mkokoteni na kulifuata kwa miguu, wakiwa na viatu virefu, katikati ya msongamano wa Kariakoo. Walifika wakitoka jasho. Nadhani ndiyo sababu shangazi wa bwana harusi aliamua kuanza yeye utani kabla hajataniwa.

Alikuwa hodari, sharti niseme. Kipande cha kwanza alikiacha kama kilivyo, kwa sauti ya upole kabisa, tukadhani anatusaidia kuimba. Hapo masikio yetu yalikuwa yameshatulia. Ndipo akageuza:

*Mwanangu toka chumbani, grisi iko mikononi;*
*Umekuwa fundi wetu, utalala gerejini.*

Wenzake wakaitikia, *Muosheni, muosheni.*

Mjukuu wangu anauza vipuri Gerezani, na injini anaifungua mwenyewe. Ukumbi ulicheka, nami karibu nicheke, kwa kuwa sauti ya heshima kama ile ikibebeshwa grisi haina budi kuchekesha. Lakini nyuma yangu nilisikia komeo la mlango wa chumbani likisukumwa.

"Bibi, sitoki," akasema mjukuu wangu kutoka ndani. "Waondoke na sanduku lao."

Wifi yangu akasimama kumjibu shangazi. Alikuwa na hasira, na hasira haihesabu silabi. Akaimba, *Mwanangu toka chumbani, uwaambie hawa watu kwamba wewe unajitegemea kwa kazi ya halali.* Yote yalikuwa kweli. Ila ngoma ilifika mwisho wa mstari na kumwacha yeye bado njiani, na waitikiaji hawakujua waingilie wapi.

"Dada, umemaliza au unapumzika?" akauliza shangazi. Wakacheka tena, safari hii wakimcheka yeye.

Nikajua kwamba tukishindwa hapo, mlango ule haufunguki. Nikaomba ngoma irudi mwanzo, taratibu. Kila kipande kina silabi nane, na kipande cha mwisho lazima kitue kwenye *ni*. Mstari ulionijia kwanza ulimhusu shangazi na ndoa yake iliyovunjika. Ulikaa barabara katika mizani, kina nacho kilikuwa safi. Nikauacha. Utani wa sanduku humchokoza mtu kwa jambo la kupita, haumchomi kwa jeraha lake. Nilihitaji jambo ambalo kila aliyekuwamo amelishuhudia leo hii, ili nisihitaji kulieleza, maana kichekesho kinachoelezwa huwa kimekwisha kufa. Nikaimba, uso mkavu kama niko msibani:

*Mwanangu toka chumbani, wakwe wako taabani;*
*Gari limewazimia, sanduku mkokoteni.*

Sikupumua kabla ya kuwapa kiitikio: *Sukumeni, sukumeni.*

Kwa kuwa kilikuwa na mapigo yaleyale ya *mtunzeni*, hakuna aliyehitaji kufundishwa. Upande wetu uliitika. Kisha nikasikia sauti nzito kutoka upande wa pili, ya shangazi mwenyewe, anaitikia *sukumeni* huku akifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Bibi, umetuweza," akasema. Akausogelea mlango wa chumbani. "Mwanangu, nilikutania. Toka basi, sisi gari hatuna."

Mpiga ngoma hakunyamaza. Aliuendeleza wimbo polepole, bila maneno, kama anayemshikia mtu nafasi. Ndipo sauti ya mjukuu wangu ikaingia, mahali penyewe hasa panapoanzia mstari:

*Nimetoka huku ndani, funguo nileteeni.*

Nane na nane, na gari la wakwe likapata fundi. Komeo likarudi. Akatoka na hina yake mikononi, kidevu juu, na shangazi wa mumewe alikuwa wa kwanza kumpigia vigelegele. Darasa la jioni halikumfundisha mjukuu wangu mizani. Aliipata kwangu, mgongoni, nilipokuwa nikimbeba na kumwimbia.