Mama Nyoosha na Kioo cha Pembeni

Asubuhi yao ya mwisho ya kawaida, Mama Nyoosha alimkalisha mumewe kwenye kigoda na kumkataza hata kumeza mate. Kitambulisho cha mzee kilikuwa kimeisha muda, picha ilitakiwa siku hiyohiyo. Shuka jeupe la studio lilikuwa kambani, bichi, basi akampiga picha kwa simu chumbani mwao, kwenye ukuta mweupe wenye kile kioo kidogo cha kunyolea.

“Shingo, mume wangu. Imelala kama mlango uliong'oka bawaba.”

“Ndiyo uliyoolewa nayo.”

“Nilidhani itanyooka.”

Alipiga moja tu. Akaketi kitandani, akamwita mzee aone. Kwanza aliizungusha picha kidogo kidogo mpaka ukuta ukasimama wima. Kisha akavuta pembe kwa kidole, akakata dirisha, kabati na kioo, kikabaki kichwa na mabega. Mwisho akaongeza mwanga, maana uso ulitoka mweusi kama sufuria ya kuni. Mzee akalalamika masikio yamekuwa makubwa. Akajibiwa, akacheka, wakanywa chai.

Kesho yake mama alianguka kwenye karo la kufulia. Hakuamka.

Miaka thelathini na kitu alipiga picha za watu. Alianza kwa kufagia studio ya mpiga picha mmoja mkali, akajifunza kusafisha filamu kwa kuchungulia, akaja kuwa na chumba chake mwenyewe chenye benchi na shuka. Jina la Nyoosha walimpa wateja. Hata kwenye nyumba ya msiba alikuwa ananyoosha kwanza picha ya ukutani, ndipo anatoa pole.

Yeye mwenyewe picha hakuwa nayo. Ukimpiga anafuta. “Sura yangu naijua,” alikuwa anasema. Siku ya kumzika walikuza picha ya kitambulisho chake cha zamani. Wakaweka mbele ya watu msichana mwenye ukungu usoni. Mzee alimtazama, hakumjua.

Wiki ya tatu, akiwa ananyoa ndevu, mzee alisimamisha wembe. Kioo kilikuwepo ukutani siku ile ya picha. Na mama alikuwa amesimama mbele ya kioo hicho.

Akamwita binti yao. Simu ya marehemu ilifunguka, mzee aliujua mchoro wa kidole wa kuifungua. Picha ilikuwepo, iliyokatwa.

“Inarudi, Baba. Alipokata hakuharibu. Simu imetunza ya asili. Nikibonyeza hapa, marekebisho yote yanaondoka.”

“Yote yapi?”

“Kukata, kunyoosha, mwanga. Aliyoyafanya yeye.”

Mzee akamshika mkono. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho ya mikono ya mkewe. Anataka sura, hataki kumfutia kazi.

“Basi tuhifadhi nakala ya hii kwanza,” binti akasema. “Itakaa peke yake, haitaguswa.”

“Uhakikishe.”

Akahakikisha, akamwonyesha zote mbili, mpaka mzee akauachia mkono. Ndipo akabonyeza kwenye ile nyingine.

Picha ikapanuka. Dirisha likarudi, kabati likarudi, ukuta ukalala upande. Na kwenye kona, juu ya bega la mzee, kioo. Ndani ya kioo kivuli cha mtu.

“Huyo,” mzee akasema.

Binti akakata kila kitu, akaacha kioo tu. Akakinyoosha. Akapandisha mwanga wa sehemu zenye giza. Kitenge kikaonekana, cha maua ya njano. Mkono ukaonekana, na pete.

“Ongeza.”

“Nikiongeza inachafuka, Baba.”

“Ongeza kidogo, mwanangu.”

Akaongeza. Picha ikajaa chenga kama mchanga. Usoni palikuwa na kitu cheusi chenye pembe nne. Ilikuwa simu. Ameinua simu usoni, kama mpiga picha yeyote.

“Sogeza hiyo simu.”

“Haisogei, Baba. Mwanga unatoa kilicho gizani. Hiki kimezibwa. Nyuma yake simu haikuona kitu.”

“Hata jicho?”

“Hata jicho.”

Binti alilia kimyakimya, akijifuta kwa mkono wa blauzi. Kumbembeleza anayelia nyumbani humo ilikuwa kazi ya mama.

“Irudishe ilivyokuwa,” mzee akasema.

Binti akabonyeza. Ukuta ukalala tena, mzee katikati na shingo yake, mkewe pembeni kwenye kioo, mdogo kama ukucha. Mzee akapitisha kidole juu ya kile kioo. Akafungua na ile nakala, masikio yake makubwa kwenye mwanga mzuri. Akakumbuka alichojibiwa siku ile, neno kwa neno:

“Ukiona nimekosea, sema tu nirudishe. Ya asili ninayo.”