Barua ya Onyo ya Lorna

Ushirika hauna maoni kuhusu tabia ya mtumishi wake wa zamani. Meneja akiulizwa atathibitisha mambo matatu tu: siku mtumishi alipoajiriwa, siku alipoondoka na cheo alichoshika. Maoni ya aina nyingine yoyote ni marufuku kutolewa, kwa mdomo au kwa maandishi, na mtu yeyote, kwa niaba ya ushirika.

Waraka huo ulibandikwa ukutani mwa ofisi ya ushirika mmoja wa maziwa huko Meru, kati ya kalenda ya duka la dawa za mifugo na picha ya ng'ombe ambaye hakuna mwanachama aliyewahi kuwa na wa kufanana naye. Aliyeupiga chapa ni Mzee Kiunga, meneja wa ushirika kwa miaka kumi na tisa. Aliupiga bila kosa hata moja, akausahau, kisha akastaafu.

Mwaka wa pili wa kustaafu kwake, simu ilimpata sokoni Gakoromone, mkono umezama hadi kiwiko ndani ya gunia la maharagwe, akitafuta yale mabovu ambayo mwuzaji huyaficha chini. Mwanamke aliyepiga alijitambulisha kuwa ni Wanjira, afisa wa kuajiri katika kiwanda cha maziwa huko Embu. Lorna Gatakaa alikuwa ameomba kazi ya msimamizi wa ubora, akaandika jina la Kiunga kama mtu wa kuulizwa, na akatia sahihi ya ruhusa aulizwe. Je, Mzee alikuwa na dakika ishirini?

Kiunga akasema apigiwe baada ya nusu saa. Akaenda kwenye hoteli iliyo kando ya soko, akaagiza chai na kuketi mbali na redio. Kilichomsumbua kilikuwa kimoja. Katika watu wote wa Meru, kwa nini Lorna amtaje yeye? Yeye ndiye aliyemwandikia barua ya onyo.

Lorna alikuja ushirikani akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na cheti kipya kutoka chuo, awe mpimaji wa maziwa. Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ungali umekalia migomba, wakulima walikuwa wamepanga foleni na mitungi yao, wengine kwa bodaboda, wengine kwa punda, wakitaniana ng'ombe wa nani anakunywa chai kuliko majani. Lorna alifungua mfuniko, akanusa, akatumbukiza laktomita, kile kipimo kinachofichua maji, akachanganya maziwa kidogo na spiriti kwenye kijikombe. Yakiganda, mtungi unarudi nyumbani. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Haya yamekataa," kana kwamba maziwa yenyewe ndiyo yaliyoamua.

Mtungi wa Celina, mke wa meneja, ulikataa pia. Ng'ombe wao alikuwa amezaa siku tatu zilizopita, na maziwa ya siku hizo ni ya ndama. Celina alijua hivyo, ila alidhani mke wa meneja hapimwi. Kiunga akaubeba mtungi kurudi nyumbani mbele ya foleni nzima, na mzee mmoja akamuuliza kama ameanza kazi ya uchukuzi. Jioni ile Celina alimwambia, "Baba Mwenda, yule msichana wako hana adabu," kisha akaenda kumnywesha ndama. Kiunga alicheka peke yake zizini. Alikuwa hajacheka hivyo kwa muda mrefu, na sasa, chai ikipoa mbele yake, alicheka tena kidogo.

Ila mwenyekiti wa ushirika hakuwa mtu wa kusahau kama Celina. Kulikuwa na desturi, haikuandikwa popote, kwamba mtungi wa mwenyekiti unafika wa mwisho na unamiminwa moja kwa moja, kwa heshima. Lorna aliupima. Maziwa mazuri husoma ishirini na nane kwenda juu; ya mwenyekiti yalisoma ishirini na tatu, maana yake mto ulikuwa umepita ndani. Akasema, "Haya yamekataa." Foleni ikanyamaza, na kimya hicho ndicho kilichomuumiza mwenyekiti kuliko kicheko.

Kamati ikaagiza barua. Kiunga akaiandika kwa Kiingereza kizuri, kosa likiwa ni utovu wa heshima kwa kiongozi. Lorna aliisoma mara mbili, akatia sahihi, akaomba nakala yake. Mkataba wake ulipoisha haukufanywa upya. Akaenda kumsaidia mama yake dukani Mikinduri, akakaa huko miaka minne, na ule waraka wa mambo matatu ukabandikwa mwezi mmoja baada ya yeye kuondoka.

Simu ikalia tena. Wanjira aliuliza kwa utaratibu, na Kiunga alimsikia akiandika. Alifanya kazi lini hadi lini? Kiunga akasema. Alikuwa chini ya nani? Chini yake. Alichelewa? Katika miaka mitatu, siku moja, daraja liliposombwa na maji. Kiunga akaeleza kwamba anasema kama Kiunga, si kama ushirika, maana ushirika una sheria yake, na Wanjira akasema amelielewa hilo na ameliandika. Kwa nini aliondoka? Mkataba uliisha. Hilo lilikuwa kweli.

"Aliwahi kuchukuliwa hatua za nidhamu, Mzee?"

Kiunga akatazama kikombe. Barua ile ilikuwa na nguvu kwa mwaka mmoja tu, na muda huo ulishapita. Akisema hapana, nani atamshtaki? Tena angekuwa amemsaidia msichana. Kiwanda kina waombaji wengi, na neno onyo likiingia katika fomu hukaa pale kama mfupa kooni. Lakini alikumbuka ile sauti, haya yamekataa, na akaona haya kumtetea mtu wa namna ile kwa ukweli uliotiwa maji.

"Ndiyo, madam," akasema. "Mimi ndiye niliyemwandikia. Alipima maziwa ya mwenyekiti, akayakataa. Yalikuwa yanastahili kukataliwa. Mimi nilijua hivyo nikiandika."

Kiunga alimsikia Wanjira akipekua karatasi.

"Nakala ya hiyo barua iko hapa mbele yangu," akasema. "Aliileta mwenyewe kwa intavyuu. Meneja aliyekufuata pale ushirikani nilimpigia, akasema hakukuwa na barua yoyote, binti ni malaika. Sikuandika neno lake hata moja."

 Kiunga akauliza tu kama Lorna ni mzima.

"Ni mzima. Swali la mwisho, Mzee. Ungeweza kumwajiri tena?"

"Ningemwajiri leo," akasema Kiunga. "Na ningemwogopa, vile nilimwogopa wakati ule."

Wanjira akauliza kama anaweza kuandika hilo. Kiunga akasema aandike yote. Kesho yake fomu ikaja kwa barua pepe, na mwanawe Mwenda akamsaidia kuifungua. Akaisoma, akasahihisha tarehe moja, akatia sahihi. Celina alitaka kujua ni fomu gani. Alipoambiwa, alisema atafurahi sana huyo msichana akienda kuwasumbua watu wa Embu, kisha akauliza kama kule analipwa vizuri.

Lorna alianza kazi tarehe mosi ya mwezi uliofuata. Kiwanda cha Embu hununua maziwa kutoka kwa vyama saba, vingine vya Meru. Juma la tatu alirudisha lori zima la tangi lililotoka kwa ushirika wa Mzee Kiunga. Ushirika ukamwandikia mkurugenzi wa kiwanda barua ya kurasa mbili kuhusu tabia ya Lorna Gatakaa, mtumishi wake wa zamani.