Nafasi Karibu na Ukumbi

Wiki chache kabla ya mahafali ya binti yetu, niliomba chuo kitutengee nafasi ya gari karibu na ukumbi, kwa sababu mume wangu alitumia kiti cha magurudumu. Kibali kilikuja kikiwa na namba ya gari letu. Kabla siku haijafika, mume wangu akafariki.

Asubuhi ile niliendesha peke yangu kutoka nyumbani Lanet. Langoni, magari yalikuwa yakishusha watu na kuondoka upesi. Askari alipoona kibali kwenye kioo, alikuja kunisogezea koni iliyozuia nafasi ya karibu na ukumbi.

"Karibu, mathe. Nafasi yenu iko tayari. Yule wa kiti yuko nyuma?"

"Sina mtu," nikamwambia. "Kibali ni cha mzee wangu, na hayuko tena."

"Pole sana. Wewe egesha tu, hakuna atakayeuliza."

Niliitazama ile alama ya kiti cha magurudumu iliyopakwa chini kwenye nafasi hiyo, nikamrudishia kibali na kumwambia nafasi ampe mwingine mwenye shida. Nikaenda kuegesha kwenye uwanja wa magari ya wageni, mbali kabisa, katikati ya familia zilizokuwa zikishuka kwa vicheko. Nilikaa garini mpaka wote wakaondoka, ndipo nikafunga mlango nikaanza kutembea.